Dau Linalorudi Limeshalipiwa

Chukua debi nne za Kariakoo zilizochezwa kwenye Ligi Kuu Bara katika misimu miwili, 2023/24 na 2024/25. Novemba 5, 2023 Yanga iliichapa Simba 5-1. Aprili 20, 2024 ikaifunga tena 2-1. Oktoba 19, 2024 ikawa 1-0, kwa bao la kujifunga. Ya nne, ile iliyoahirishwa Machi na kuja kuchezwa Juni 25, 2025, ikaisha 2-0. Shabiki anakumbuka kwamba Yanga ilishinda zote nne, na kila mtu ana hisia zake kuhusu hilo. Lakini yupo mtu wa mikeka ambaye hakujali nani anamfunga nani; yeye alibeti idadi ya mabao tu, na kumbukumbu yake ya mechi hizo ni fupi: sita, matatu, moja, mawili. Kwake bao la kujifunga ni bao kama mengine, na jina la mfungaji halimhusu.

Sasa pitisha mistari mitatu juu ya namba hizo. Aliyeshika ova 2.5 kila mara alishinda mbili akapigwa mbili, na hakukuwa na la kujadili, kwa kuwa hakuna mechi inayoisha kwa mabao mawili na nusu; nusu iliwekwa makusudi ili kila matokeo yaangukie upande mmoja. Aliyeshika ova 2 alishinda mbili za kwanza, akapigwa ile ya bao moja, na ile ya 2-0 akarudishiwa dau lake, kwa sababu mabao yalikaa juu ya mstari kabisa, hayakuuvuka wala hayakupungua chini yake. Aliyeshika ova 3 alishinda ile ya mabao sita, akarudishiwa ile ya 2-1, akapigwa mbili za mwisho. Mechi ni zilezile nne, ubashiri ni uleule wa mabao mengi, lakini mifuko mitatu ikatoka na hesabu tatu tofauti. Kwenye simu, mechi iliyorudishwa inaonekana na odi ya 1.00, na fedha zinaingia kwenye akaunti zikiwa kamili.

Sheria hiyo haina utata. Kinachosumbua ni shangwe inayoandamana nayo. Katika mazungumzo ya wanaobeti, mstari wa namba kamili husifiwa kana kwamba kampuni imeamua kumhurumia mteja: ukikosa kwa bao moja hupotezi kitu, kwa hiyo ova 2 ni salama kuliko ova 2.5, na anda 3 ni salama kuliko anda 2.5. Sehemu ya sifa hizo ni kweli. Anda 3 haipotezi mechi ya 2-1, na anda 2.5 inaipoteza. Lakini neno salama linaficha swali ambalo mnunuzi yeyote sokoni angeliuliza kwanza: usalama huo unauzwa bei gani? Hoja ya makala haya ni kwamba dau linaporudi huwa limekwisha kulipiwa na huyohuyo anayelipokea, shilingi kwa shilingi, kupitia odi aliyoikubali kabla ya mpira kuanza. Na malipo hayo yanaweza kuhesabiwa kwa kalamu na karatasi.

Ili kuyahesabu, lazima tukae kidogo upande wa pili wa kaunta, kwa mpanga odi. Yeye haanzi na mstari. Anaanza na wastani: mechi hii, kwa timu hizi, uwanja huu na vikosi hivi, inatarajiwa kutoa mabao mangapi? Tuseme jibu lake ni 2.6. Wastani huo peke yake haumwambii mechi ngapi zitakuwa na bao moja na ngapi zitakuwa na matano, kwa hiyo anautawanya kwa kanuni ya Mfaransa Siméon Denis Poisson, ambayo watu wa takwimu wamekuwa wakiitumia kwenye soka kwa miongo mingi. Kanuni hiyo, kwa wastani wa 2.6, inampa picha hii: katika kila mechi 100 za aina hiyo, kama 27 zitaisha bila bao au kwa bao moja, 25 zitakuwa na mabao mawili kamili, 22 zitakuwa na matatu kamili, na 26 zitakuwa na manne au zaidi. Mafungu manne tu, na kila bei ya mabao unayoiona kati ya mstari wa 2 na wa 3.5 inatoka humo. Ukiyashika mafungu hayo kichwani, unaweza kumfuata mpanga odi hatua kwa hatua bila kupotea.

Aanze na ova 2.5. Inashinda mechi zenye mabao matatu na kuendelea, yaani 22 na 26, jumla 48. Inapigwa 52. Odi isiyompendelea mtu ni 100 gawanya kwa 48, yaani 2.08. Kisha anageukia ova 2. Mechi zinazoshinda ni zilezile 48, hata moja haijaongezeka. Kilichobadilika ni zile 25 za mabao mawili, ambazo zimetoka kwenye kupigwa zikaenda kwenye kurudishiwa, hivyo zinazopigwa zimebaki 27. Hapa mpanga odi anafanya jambo ambalo wengi hawalioni: anazifuta kabisa mechi za kurudishiwa, kwa kuwa hazimwingizii wala hazimtoi kitu, na anapima 48 dhidi ya 27 peke yake. Faida ya haki kwa kila shilingi ni 27 gawanya kwa 48, ambayo ni senti 56, na ukiongeza dau lenyewe odi inakuwa 1.56. Kutoka 2.08 hadi 1.56, kwa ushindi uleule wa mechi zilezile. Pengo hilo ndilo bei ya kurudishiwa.

Tulipime kwa fedha. Mtu anaweka shilingi 1,000 kwenye kila moja ya mechi 100. Kwa ova 2.5, kila ushindi unampa faida ya 1,080. Kwa ova 2, kila ushindi unampa 560. Ameachia 520 kwa kila ushindi, na ushindi ni 48, kwa hiyo ameachia jumla ya shilingi 24,960. Upande wa pili, madau 25 ambayo yangepotea sasa yamerudi, jumla shilingi 25,000. Tofauti ya shilingi 40 inatokana na kukata desimali tu. Hiyo ndiyo zawadi yote. Muuza nyanya anayepunguza fungu kabla hujafika, kisha akakupa nyanya moja ya nyongeza mbele ya macho yako, amekupa nyongeza kweli. Ila aliitoa kwenye fungu lako.

Na hesabu hiyo ni ya odi za haki, ambazo hakuna anayeziuza. Kampuni lazima iishi, kwa hiyo inakata. Tuseme kwenye mechi hiyohiyo imeweka ova 2.5 kwa 1.95 na anda 2.5 kwa 1.80. Aliyeshika ova mechi 100 anaweka 100,000 na kurudisha mara 48 ya 1,950, yaani 93,600. Aliyeshika anda anarudisha mara 52 ya 1,800, nayo ni 93,600. Wote wawili, waliopingana kabisa juu ya mchezo, wamepungukiwa 6,400. Sasa twende kwenye mstari wa 3. Ova inashinda 26, anda inashinda 52, na 22 zinarudi. Odi za haki ni 3.00 kwa ova na 1.50 kwa anda. Kampuni inauza 2.80 na 1.40. Aliyeshika anda 3 anapata faida ya 400 mara 52, yaani 20,800, na anapoteza 26,000 kwenye mechi za mabao manne kwenda juu. Amepungukiwa 5,200. Aliyeshika ova 3 anapata 1,800 mara 26, yaani 46,800, na anapoteza 52,000. Naye kapungukiwa 5,200.

Hapo mtetezi wa mstari wa namba kamili anasimama na kusema: umenithibitishia mwenyewe, 5,200 ni ndogo kuliko 6,400, kwa hiyo kurudishiwa kunanipunguzia makato. Pingamizi hilo ni la haki na halistahili kupuuzwa. Ni kweli kwamba kwa kila shilingi iliyowekwa, mstari wa 3 umekata kidogo zaidi. Lakini angalia makato yametoka wapi. Kati ya 100,000 zilizowekwa, 22,000 zilirudi bila kuguswa. Zilizoamuliwa na mchezo ni 78,000 tu. Gawanya 5,200 kwa 78,000 na unapata karibu asilimia 6.7, kidogo juu ya asilimia 6.4 ya mstari wa nusu. Punguzo limetokea kwa sababu sehemu ya fedha haikucheza kabisa, ambayo ni sawa na kusema kwamba ungeweka kidogo ungepoteza kidogo. Na punguzo hilo linabaki mfukoni kwa sharti moja: dau lililorudi lisirudi tena kubetiwa. Likiwekwa kwenye mechi ya saa mbili usiku, linaanza safari upya na kukutana na makato yaleyale. Anayezungusha kila dau lililorudi mpaka lote liamuliwe atakatwa 6.7 kwa kila mia, sawasawa na kama hakuwahi kurudishiwa.

Kuna pingamizi la pili, nalo ni zito zaidi. Mtu anaweza kusema hesabu zote hizi zinategemea wastani wa 2.6 na kanuni ya Mfaransa, na mpira hauchezwi kwa kanuni. Yuko sahihi, na watu wa fani wenyewe walilisema mapema. Mwaka 1997 Mark Dixon na Stuart Coles, wanatakwimu wa Chuo Kikuu cha Lancaster, walichapisha utafiti wao juu ya matokeo ya soka la Uingereza na soko la kubeti. Waligundua kwamba ukizihesabu timu mbili kana kwamba kila moja inafunga bila kujali mwenzake anafanya nini, unakosea kwenye matokeo madogo: sare za 0-0 na 1-1 zinatokea zaidi kuliko hesabu inavyodai, na 1-0 za upande wowote zinatokea pungufu. Wakaingiza sahihisho kwa matokeo hayo manne peke yake. Kwa msomaji wa odi za mshindi, hilo ni jambo la sare. Kwa mwenye ova 2 au anda 2, ni jambo linalomgusa moja kwa moja, kwa sababu 1-1 ni mabao mawili kamili. Sare ikiongezeka pale, kurudishiwa kunaongezeka. Na 1-0 ikipungua, mechi zinazoipiga ova 2 nazo zinapungua. Mpanga odi aliyesoma kazi hiyo na mbashiri anayetumia kanuni tupu hawataiona bei moja ya mstari wa 2, na kati yao mmoja tu ndiye anayelipwa kuijua.

Lakini hoja haitegemei kanuni yoyote, na ipo njia ya kuipima bila wastani, bila Poisson, kwa kutumia bei zilizopo kwenye kioo cha simu tu. Mstari wa namba kamili unaweza kutengenezwa nyumbani kutokana na mistari miwili ya nusu iliyo pembeni yake. Tuseme unataka ova 3 na unayo shilingi 1,000. Kwenye orodha kuna Over 2.5 kwa 1.95 na Over 3.5 kwa 3.50. Weka kwanza kwenye ova 2.5 kiasi ambacho kikishinda kitakupa 1,000 kamili: gawanya 1,000 kwa 1.95, unapata 513. Zilizobaki, 487, ziweke kwenye ova 3.5. Mechi ikiisha kwa mabao mawili au chini, umepoteza zote. Ikiisha kwa matatu kamili, ova 2.5 inakurudishia 1,000 yako, na ile nyingine imekufa, kwa hiyo umerudishiwa. Ikiisha kwa manne, unapata 1,000 na juu yake 487 mara 3.50, ambazo ni karibu 1,704, jumla 2,704. Hiyo ni ova 3 kamili, yenye odi ya 2.70, uliyoiunda mwenyewe. Sasa tazama kampuni inauza Over 3 kwa ngapi. Ikiwa ni 2.80, kama kwenye mfano wetu, nunua ya kwao ikiwa lazima ununue. Ikiwa ni 2.60, unalipishwa zaidi kwa ajili ya neno kurudishiwa tu.

Kipimo hicho kina upungufu wake. Kila mstari wa nusu una makato yake ndani, kwa hiyo uliyoiunda nyumbani kwa kawaida itakuwa na bei mbovu kidogo kuliko ile ya haki, na kuishinda si ushahidi kwamba bei ya kampuni ni nzuri. Kinachoonyesha ni upande mmoja tu: mstari wa namba kamili ukiwa duni hata kuliko mchanganyiko wa nyumbani, basi umezidishwa bei. Lakini faida yake kubwa ni kwamba kinafumbua macho. Kurudishiwa si kitu cha pekee kilichobuniwa kwa ajili ya mteja. Ni mchanganyiko wa beti mbili za kawaida, ambamo ushindi mdogo wa moja unafidia kifo cha nyingine. Zile 513 hazikwenda bure: zilikuwa ada ya kuhakikisha kwamba kwenye bao la tatu mfuko unarudi ulivyokuwa, na ndizo zilizonyimwa nafasi ya kuzaa kwa 3.50.

Kama ni hivyo, kwa nini kampuni ihangaike na namba kamili? Jibu liko kwa mpanga odi tena, na halihusu huruma. Yeye anapenda mstari mkuu ambao pande mbili zinakaribiana, ili fedha zigawanyike na asibaki na mzigo upande mmoja. Kwenye mechi ya wastani wa 2.6, mstari wa 2.5 unamtosha. Lakini wastani hausimami pamoja na mazoea ya mashabiki. Ligi Kuu ya England ilitoa mabao 1,024 katika mechi 380 za msimu wa 2020/21, wastani wa 2.69. Msimu wa 2023/24 mechi idadi ileile zilitoa mabao 1,246, wastani wa 3.28. Kwa wastani huo wa pili, ova 2.5 inashuka hadi odi ya haki ya 1.57 na ova 3.5 inapanda hadi 2.41, hakuna katika hizo mbili iliyo katikati. Mstari wa 3 ndio ulio katikati, ova ikiwa karibu na 1.88 na anda karibu na 2.14. Kwa mpanga odi, mabao matatu kamili ni mahali pa kuweka mizani, na mechi zitakazorudishwa ni gharama ya kuiweka hapo. Robo nazo, 2.75 na 3.25, zinazaliwa na haja hiyohiyo: dau linapasuliwa nusu kwa nusu kwenye mistari miwili ya jirani.

Hadi hapa tumezungumzia beti moja moja. Watu wengi wa kwetu hawabeti hivyo, wanasuka mkeka. Na kwenye mkeka, kurudishiwa kunabadilika sura kabisa. Hakuna fedha inayorudi mkononi. Mechi iliyoangukia juu ya mstari inahesabiwa kwa odi ya 1.00, mkeka unaendelea, na jumla inanywea. Chukua mkeka wa mechi tano, zote anda 3 kwa 1.40. Kwa shilingi 1,000 tiketi inaandika malipo ya karibu 5,378. Mechi moja ikiisha 2-1, malipo yanashuka hadi 3,842. Mbili zikiisha hivyo, 2,744. Mtu anasema mkeka haukuchanika, na ni kweli. Lakini hebu tuhesabu, kwa mafungu yetu manne yaleyale, ni mara ngapi hautachanika na ni mara ngapi utalipa kilichoandikwa. Kila mechi ina nafasi 74 katika 100 ya kutoupasua mkeka, yaani 52 za ushindi na 22 za kurudishiwa. Kwa mechi tano mfululizo, mkeka mzima unabaki hai kama mara 22 katika 100. Mechi zote tano kushinda ni mara 3.8 katika 100. Kwa maneno mengine, katika kila mikeka 22 iliyosalimika, 18 hivi inalipa pungufu ya namba iliyokuwa kwenye tiketi, na kama minne tu ndiyo inayotiki kamili.

Kwenye mkeka pia makato yanazidishana. Beti moja ya anda 3 kwa 1.40 inarudisha wastani wa 94,800 kwa kila 100,000. Tano zikisukwa pamoja zinarudisha karibu 76,600. Ile faida ndogo ambayo mtetezi wetu aliipata kwenye mechi moja moja, kwamba dau lililorudi halikatwi, hapa haina pa kusimama, kwa sababu dau halirudi. Linabebwa hadi mechi inayofuata na kukatwa huko. Namba kamili kwenye mkeka inampa mtu jambo moja tu la uhakika: hisia kwamba bado yumo. Hisia hiyo ina thamani kwake, na si kazi ya mwandishi kuipangia bei, ila mnunuzi anastahili kuijua bei iliyokwisha kupangwa.

Limebaki jambo la nini hasa kinahesabiwa, na mfano mzuri kuliko wote ni fainali ya Kombe la Dunia ya 2022 pale Lusail. Vitabu vinaandika Argentina 3, Ufaransa 3, na penalti 4-2. Anayesoma hivyo anaona mabao sita. Lakini masoko ya mabao, isipokuwa pale yanapotaja vinginevyo, hufungwa kwa dakika 90 pamoja na za nyongeza za mwamuzi. Hadi dakika ya 79 Argentina ilikuwa mbele 2-0. Mbappé akafunga dakika ya 80 na ya 81, na dakika tisini zikaisha 2-2. Mabao ya Messi na Mbappé ya muda wa ziada hayakuhesabiwa, wala penalti za mwisho. Kwa hiyo mwenye ova 4, akiwa anatazama ubao wenye mabao sita, alistahili kurudishiwa dau lake na si zaidi, na mwenye ova 4.5 alikuwa amepigwa tangu filimbi ya dakika tisini. Mwenye anda 3, aliyekuwa ameshinda hadi dakika ya 79, alipita kwenye kurudishiwa kwa dakika moja, kisha akapigwa. Fungu la kurudishiwa ni chumba chembamba. Mechi hupita humo ikiwa njiani kwenda kwingine, na bao moja linaifungulia milango yote miwili.

Baada ya hesabu zote hizo, bado kuna maswali ambayo kalamu haiyamalizi. La kwanza ni la tiketi yenyewe. Mkeka wenye mistari ya namba kamili unaonyesha malipo ya juu kabisa, yale ya mara 3.8 katika 100, kwa herufi kubwa. Kwa nini usionyeshe pia malipo iwapo mechi moja au mbili zitarudishwa, ilhali mashine inazijua odi zote na kuzidisha ni kazi ya sekunde? La pili ni la kodi. Kenya imewahi kutoza ushuru kwenye dau lenyewe, mbali na makato ya ushindi. Palipo na ushuru wa aina hiyo, dau likirudi kwa sababu mabao yamekaa juu ya mstari, biashara haikufanyika. Je, ushuru uliokwisha kukatwa unarudi nalo, au dau linarudi limepungua wakati tiketi inasema 1.00? La tatu ni la bonasi za mikeka mirefu, zinazotolewa kwa idadi ya mechi: mechi yenye odi ya 1.00 inahesabiwa ndani ya idadi, au inautoa mkeka kwenye ngazi yake? Majibu ya maswali hayo yamo kwenye masharti ya kila kampuni, katika maandishi ambayo mteja huyakubali kwa kubonyeza mara moja bila kuyafungua. Wanaotoa leseni, kuanzia Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, wana uwezo wa kutaka yaandikwe mahali pengine: kwenye tiketi, kando ya namba kubwa.